Kofia Ilikwisha Lini?

Nimefuma kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo sijapata kuona haya kama siku niliyoona pini ya nepi juu ya utosi wa mtoto wa miezi mitatu. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati ambao sisi tunaoishi milimani Lushoto hatumtoi mtoto nje bila ya kofia. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mama yake, binti wa jirani yangu, na mtoto alikuwa amevaa kofia niliyomfumia mwenyewe na kumpelekea siku ya arobaini. Nilipoinama kumbusu nikaona chuma kinang'aa katikati ya kofia, pale juu kabisa ambapo ufumaji ulianzia.

Nikauliza kulikoni. Yule binti akacheka kwa haya, akasema, "Shangazi, ilianza kuachia katikati baada ya kuifua mara mbili tatu. Tundu likawa linakua. Nikasema nisikusumbue, kwani ulinipa zawadi. Nikaibana tu."

Nikaifungua ile pini taratibu, nikaivua kofia, nikaingiza kidole cha shahada katikati yake. Kikapita bila ya kusukumwa. Mtoto alikuwa amelalia pini kwa wiki nzima, na ingefunguka usiku mmoja tu, ingemchoma pale ambapo fupa la kichwa halijafunga. Nikaomba niondoke na kofia ile, nikaahidi kuirudisha kesho yake.

Msomaji asiyefuma aniwie radhi, kwa sababu siwezi kueleza kilichonisumbua bila ya kueleza kwanza jinsi kofia ya namna hii inavyoanza. Kofia ya kroshia hufumwa kwa mzunguko kutoka utosini kwenda chini. Mfumaji huuzungusha uzi kwenye kidole ukawa kitanzi, akaacha ncha fupi ikining'inia, ambayo sisi huiita mkia. Kisha huchomeka sindano ya kroshia ndani ya kitanzi, huvuta uzi, na kufuma mishono ya mzunguko wa kwanza yote ikiwa imekikumbatia kile kitanzi. Mimi hufuma mishono mirefu 12. Wakati huo katikati pana tundu kubwa tu. Hapo ndipo inapokuja raha yenyewe: unaushika mkia na kuuvuta, na kitanzi kinajikunja, mishono 12 inasogeleana, tundu linatoweka mbele ya macho yako. Kwa Kizungu kitanzi hiki kimepewa jina lenye maana ya pete ya mazingaombwe, na mtu akiona kinavyofunga kwa mara ya kwanza hashangai kwa nini.

Lakini mazingaombwe yana siri yake, na siri ya pete hii ni kwamba hakuna fundo ndani yake. Kilichofunga tundu ni uzi ulioteleza chini ya miguu ya mishono, na uzi ulioteleza kwenda upande mmoja unaweza kuteleza kurudi. Kinachouzuia ni mkwaruzo tu, yaani jinsi uzi unavyokwama dhidi ya uzi mwenzake. Kama uzi ni manyoya halisi ya kondoo, mkwaruzo huo ni mkubwa, kwa maana unyoya una magamba madogo sana ambayo hushikana, na kila ukifuliwa hushikana zaidi. Ila zile tunazoziita sufi madukani aghalabu zimetengenezwa kiwandani, hazina magamba, na uzuri wake wa kuteleza mkononi ndio ubaya wake katikati ya kofia. Uzi wa pamba uliong'arishwa nao huteleza vilevile.

Usiku ule niliiweka kofia mezani chini ya taa, nikaigeuza ndani nje ili nimtafute mkosaji. Sikumtafuta kwa muda mrefu. Ncha ya mkia ilikuwa imechungulia kwenye ukingo wa tundu, imesalia kama urefu wa punje ya mchele. Nikapima tundu kwa rula, nikaona upana wake ni sentimita 2. Hesabu ya shule ya msingi inatosha hapa: mduara wenye upana wa sentimita 2 una mzingo wa sentimita 6 na kidogo. Pete iliyofungwa vizuri hutumia kama sentimita 1 tu ya uzi. Basi ili tundu lile lifunguke, sentimita 5 za uzi zilihitajika kutoka mahali fulani, na mahali pekee zilipoweza kutoka ni kwenye mkia. Tundu lilikuwa limekula mkia wote nilioufukia. Ungefuliwa mara moja zaidi, ncha ingechomoka chini ya mguu wa mshono, na miguu ile 12 ingebaki haina kitu cha kukumbatia. Hapo utosi mzima ungeanza kufumuka.

Sentimita 5. Nilipoiandika namba hiyo pembeni ya gazeti ndipo nilipokumbuka jioni niliyoimaliza kofia. Umeme ulikuwa umekatika, nilitaka kuiwahi arobaini, na mkia niliouacha mwanzoni ulikuwa mfupi kwa sababu nilikuwa nikibana matumizi ya kibonge cha mwisho. Niliutia katika sindano, nikaupitisha chini ya mishono michache kuelekea upande mmoja, ukaisha. Nilipaswa kuugeuza na kuurudisha upande wa pili, lakini haukuwa na urefu wa kugeuka. Nikaukata karibu kabisa na kitambaa. Nikaigeuza kofia upande wa nje, nikaitazama, na ilikuwa imefunga kama jicho la mtu aliyelala. Nikasema, imekwisha.

Nataka kuliuliza neno hilo. Je, kofia ile ilikuwa imekwisha? Ukiniuliza mimi wa jioni ile, nitakujibu kuwa imekwisha, maana hapakuwa na mshono uliobaki wala uzi ulioning'inia, na macho yoyote yangekubaliana na yangu. Lakini kitanzi hakikuwa kimefungwa. Kilikuwa kimevutwa. Mambo hayo mawili yana sura moja siku ya kwanza, na tofauti yake hufichwa upande wa ndani mpaka kitu kianze kutumika. Kila mara mama alipoivuta kofia kuipitisha kwenye kichwa cha mwanawe, mishono 12 ilikivuta kitanzi kutoka pande zote. Kilichovutwa kwa mkono wangu mara moja kilivutwa na mkono wake mara mia upande wa pili, na mkia haukuwa na sababu ya kukataa.

Kuna habari inayofahamika sana kwa Waislamu, iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyea. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akaonya kwamba mdanganyifu si mwenzake. Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, na siku zote nilimwona yule mfanyabiashara akiwa mbali nami. Usiku ule nilijitetea hivi: yeye alijua kwamba nafaka imelowa, na mimi sikujua kwamba kofia itaachia.

Utetezi huo ulidumu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Ni kweli kwamba kichwani mwangu sikuwa na sentensi inayosema kofia hii itafunguka. Lakini mkono wangu ulijua. Mtu aliyefukia mikia mamia huihisi ile aliyoifukia vibaya, kama vile mpishi anavyohisi chumvi imepungua kabla ya kuonja. Nilihisi kuwa mkia ni mfupi, nikaharakisha kuukata ili nisiendelee kuhisi. Sikuwa na elimu ya kosa, ila niliikwepa elimu hiyo ilipokuwa imefika mlangoni. Naona hii ndiyo njia ambayo watu wengi wasio waongo huingia katika udanganyifu: tunaacha kutazama dakika moja kabla ya kuona.

Basi kama ingekuwa kofia moja, ningeirekebisha na kuomba radhi, na habari ingeishia hapo. Lakini mwezi ule nilifuma kofia saba kwa sufi ileile. Moja ilikuwa zawadi hii. Sita niliziuza. Wanunuzi wote walilipa, walishukuru, na hakuna aliyelalamika. Swali likawa zito zaidi. Je, aliyeuza kitu kinachoonekana kizima, na baadaye akashuku kuwa si kizima, anawiwa nini na mnunuzi asiyelalamika?

Mume wangu, ambaye ni mtu wa haki na alifanya biashara ya mboga maisha yake yote, alisema jambo lenye uzito. "Mama watoto, kitu kikiuzwa kina mwenyewe. Mimi nikikuuzia kabichi, nitakufuata jikoni kuuliza kama limeoza? Ukianza kuzifuata kofia utazifuata mpaka lini? Hata mwaka wa pili? Hata mtoto akianza shule?" Sikuwa na jibu papo hapo, kwa kuwa ni kweli kwamba kila kitu hufumuka siku moja, na mtengenezaji asiyekubali hilo atakufa akiwa njiani kwenda kurekebisha.

Jibu nililipata kesho yake kwenye kofia ya kwanza niliyoifuata. Mwenyewe anakaa mtaa wa pili. Akanitolea kofia na kunihakikishia kuwa haina tatizo, na kweli kwa macho haikuwa nalo. Nikaweka dole gumba moja kila upande wa kitovu cha kofia nikaivuta kwa nguvu ya kawaida, ile ya mama anayemvisha mtoto anayelia, mara kumi. Mara ya nne doa la mwanga likaonekana. Mara ya kumi tundu lilikuwa limetosha kalamu ya risasi. Yule mama akaguna. Mkia wa kofia ile nao ulikuwa umekwenda upande mmoja tu.

Kofia ya pili ilinifunza zaidi. Nayo ilikuwa na tundu, tena kubwa, nikawa nimeshaanza kuomba radhi. Nilipoigeuza ndani nikakuta mkia upo palepale, umekwenda na kurudi, haujasogea hata kidogo. Pete yenyewe ilikuwa imebana. Kilicholegea kilikuwa mishono ya mzunguko wa kwanza na wa pili, iliyonyooka na kulala kama nywele zilizopigwa pasi. Nikauliza inafuliwaje. Ilikuwa ikichemshwa sufuriani, kisha inapigwa pasi ya moto, na sufi ya kiwandani ikipata moto namna hiyo hulainika na kunyooka, wala hairudi tena ilivyokuwa. Kwa hiyo matundu mawili yanayofanana kwa nje yalikuwa na asili mbili. Anayetaka kuyatofautisha atazame mkia: ukiwa umefupika au umechungulia, kosa ni la pete, ukiwa umetulia na pete imebana, kosa liko kwenye mishono, na hata ukivuta pete mpaka uzi ukatike hutaponya kitu.

Hapo nikaona mpaka ambao mume wangu aliuuliza. Siwiwi kila tundu la kofia. Siwiwi maji yaliyochemka, wala pasi, wala kichwa cha mtoto kilichokua. Nawiwa yale ambayo mkono wangu pekee ungeweza kuyafanya, na ambayo mnunuzi asingeweza kuyaona hata akitaka. Kabichi linaoza mbele ya macho ya aliyelinunua, na jani la juu humwambia. Mkia wa uzi umefichwa na mimi mwenyewe, na kuuficha ndiyo kazi niliyolipwa. Kadiri mtu anavyokuwa yeye pekee mwenye kujua kilichofichwa, ndivyo jukumu lake linavyozidi kumwandama hata baada ya fedha kubadili mikono. Nilipomweleza mume wangu hivyo alinyamaza, kisha akasema nikienda kwenye nyumba ya nne nimpitie, kuna mlima.

Katika zile sita, nne zilikuwa na mkia wa upande mmoja. Mbili, ambazo nilizifuma kabla kibonge hakijaanza kuniishia, zilikuwa na mkia mrefu uliogeuzwa, na mojawapo ndiyo ile iliyochemshwa. Moja kati ya zile nne ilikuwa imeshahamia Dodoma. Nikampigia mwenyewe simu, nikamweleza namna ya kuijaribu kwa dole gumba, na namna ya kuitengeneza. Nitayaeleza hapa pia, kwa sababu hatimaye majuto yangu yote yalifaa kwa kadiri ya sindano na uzi tu.

Kofia ambayo mkia wake umeliwa haiponi kwa kuvutwa tena, maana hakuna kilichobaki cha kuvuta. Huhitaji uzi mpya wa rangi ileile, kama sentimita 30, na sindano nene ya kushonea sufi yenye ncha butu. Kwa upande wa ndani unapitisha sindano katika mguu wa kila mshono wa mzunguko wa kwanza, ukihesabu. Nikisema 12, ziwe 12, kwa kuwa mguu mmoja ukirukwa ndio utakaokuwa mlango. Unazunguka mara mbili, kisha unavuta mpaka tundu lifunge. Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia zamani, na hapo ndipo kazi inapoanza. Unauelekeza uzi mbele kidogo, unaruka uzi mmoja wa mshono ili upate mahali pa kushikia, kisha unageuka na kurudi ulikotoka nusu ya mzunguko, safari hii ukiichoma sindano katikati ya nyuzi zenyewe, si chini yake, ili uzi upenye ndani ya uzi. Halafu unageuka tena, sentimita 2 au 3. Kwa hiyo ncha iliyotaka kuteleza itakutana na njia iliyopinda mara mbili na iliyobanwa na nyuzi ilizozitoboa. Kabla ya kukata unaijaribu kwa dole gumba mara kumi. Ukikata kwanza ndipo ujaribu, umechelewa.

Kwa kofia mpya ni hayohayo, ila mkia uachwe sentimita 20 tangu mwanzo, kabla mtu hajajua kama kibonge kitatosha. Wapo wanaozungusha kitanzi mara mbili kidoleni badala ya mara moja, na kweli hubana zaidi, kwa sababu uzi una njia ndefu zaidi ya kuteleza. Lakini nao mkia wake ukikatwa mfupi utarudi tu, polepole zaidi. Hakuna namna ya kuanza inayomwondolea mtu wajibu wa kumalizia.

Marehemu bibi yangu hakuijua pete hii. Vitambaa vyake vya makochi vilianza kwa cheni 6 zilizounganishwa zikawa duara, na katikati ya kila kitambaa pana tundu dogo unaloweza kuliona ukiwa mlangoni. Kimoja ninacho mpaka leo, na tundu lake ni lilelile alilolifuma. Halijakua wala kupungua, kwani lile duara ni la mishono iliyofungwa na halina mkia wa kulitegemea. Niliwahi kuiona mianzo yake kuwa ya kishamba. Sasa naona kwamba bibi aliliweka tundu lake juu, kama nafaka iliyolowa, kila mtu akaliona na kulinunua kwa hiari. Kwa kitambaa cha kochi nimeirudia njia yake. Kwa kofia ya mtoto siwezi, kwa kuwa upepo wa Julai haujali unyofu wa tundu. Nimebaki na pete, na kwa kuwa nimechagua kuficha, lazima nikifiche kilicho kizima.

Kofia ya mtoto wa jirani niliirudisha kesho yake kama nilivyoahidi, pamoja na pini yake ya nepi. Kabla ya kumpa nilimwambia yule binti aivute katikati kwa nguvu. Akaogopa, akasema, "Shangazi, si nitaiharibu?" Nikamwambia kama itaharibika, iharibike sasa mikononi mwetu wawili. Akaivuta, mwanzo kwa adabu, kisha kwa nguvu kama nilivyomtaka, huku akiichungulia dhidi ya dirisha. Haikuachia. Akamvisha mwanawe, akamfunga mgongoni, tukatoka nje kwenye baridi.